Jibu: Maneno ya kuwaambia wanaopunguzwa kazi

"Hoteli yetu hapa Paje inapunguza watu 9. Nimetakiwa mimi niseme nao. Nianzeje?"

Waite hao 9 mmoja mmoja, asubuhi, kabla hujasema na wengine. Salamu ndefu ziache, maana mtu ameshakisoma kikao usoni mwako. Mimi ningesema hivi:

"Assalamu alaykum, kaa. Nina habari nzito. Hoteli inapunguza nafasi 9, na yako ni mojawapo. Sababu ni vyumba kukaa vitupu tangu masika, si utendaji wako. Siku yako ya mwisho ni tarehe 30. Barua hii ina notisi, malipo ya likizo uliyobakisha na kiinua mgongo. Kesho saa nne asubuhi mhasibu atakaa nawe ili mhakiki hesabu, pamoja na michango yako ya ZSSF. Pole sana."

Hapo nyamaza, hata akilia. Usimwambie "hata mimi naumia", wala usimuahidi kurudi kazini wageni wakijaa mwezi wa saba kama haikuandikwa. Atauliza kwa nini yeye; kigezo kilichotumika ukijue kabla hujamwita, la sivyo ahirisha. Na tarehe na hesabu ziwe zimeshapita kwa mwanasheria na chama cha wafanyakazi, kama mnacho.