Practise au practice: tahajia ya Uingereza na ya Marekani kwenye mtihani

"Nilikuta swali la kuchagua, A ni practise, B ni practice. Nilifundishwa kuwa Uingereza wanaandika kwa s, nikachagua A, nikakosa. Sasa wanataka Kiingereza cha nani? Na kwenye insha nikichanganya nakatwa maksi?"

Pole. Swali kama hilo lilishanikosesha na mimi. Sentensi yangu ilikuwa She needs more ____ before the concert. Nikaona ile yenye s, nikajiambia hii ndiyo ya Uingereza, nikaizungushia duara bila hata kusoma sentensi mara ya pili. Nilipokosa nilimlaumu mtunzi kwamba anapendelea Marekani, kumbe hakuwa na habari na Marekani.

Kwa Waingereza, practice ni nomino na practise ni kitenzi. Wamarekani wanaandika practice kwa yote mawili. Sasa rudi kwenye sentensi: baada ya more pale panatakiwa nomino, na nomino ni practice kwa Mwingereza na kwa Mmarekani pia. Practise pale ni kosa kwa wote wawili. Mtunzi alikuwa anapima sarufi, mimi nikadhani anapima nchi.

Ukisahau ipi ni ipi, tamka advice na advise. Hapo sikio linakusaidia, maana sauti ya mwisho inabadilika: yenye c ni nomino, yenye s ni kitenzi. Ugawaji huohuo ndio wa practice na practise, na pia licence na license kwa Uingereza. Kwenye licence Wamarekani wamegeuza mambo, wanatumia license yenye s kote.

Geuza sentensi iwe They ____ every evening. Hapa practise ni sahihi Uingereza, practice ni sahihi Marekani. Swali la kuchagua huwa na jibu moja, kwa hiyo mtunzi makini haweki zote mbili hapa. Ukikuta ameziweka, swali lenyewe ni bovu, na la kufanya ni kutazama karatasi imeandikwa kwa Kiingereza kipi. Kama kwenye maelekezo au kifungu cha kusoma kuna centre au colour, nenda na Uingereza.

Unapoandika jibu mwenyewe, kamba ni ndefu zaidi. IELTS wanakubali tahajia zote mbili, hata kwenye sehemu ya kusikiliza: tyre na tire zote zinapata maksi. Tyer haipati, kwa sababu si ya nchi yoyote. Mitihani ya Kiingereza ya Cambridge nayo inakubali zote kwenye insha, ila wanataka uwe na msimamo. Usiandike colour aya ya kwanza halafu color aya ya tatu. Kwa hiyo ukichanganya, hakuna neno moja litakalohesabiwa kosa peke yake, lakini msahihishaji ataona hujui unaandika Kiingereza kipi.

Kuna jambo moja hapo linawatisha watu bure. Organize yenye z kando ya colour si mchanganyiko. Kamusi za Oxford zenyewe zinaandika organize, ingawa Waingereza wengi wanapenda organise. Lakini usichukue z ukaisambaza kila mahali: analyze ni ya Marekani tu, na advertise, surprise na exercise hubaki na s pande zote. Nimeona advertize kwenye insha nyingi, mwandishi akidhani ameandika Kimarekani.

Maneno yenyewe ni habari nyingine. Lift na elevator hazina shida, ni kitu kilekile. First floor ina shida. Kwa Mwingereza ni ghorofa iliyo juu ya ile ya chini, kwa Mmarekani kwa kawaida ndiyo ile ya chini yenyewe. Kifungu kikisema mgeni aliingia kutoka barabarani, akapanda ngazi za ghorofa moja tu akafika ofisini, basi ofisi iko first floor kwa mmoja na second floor kwa mwingine. Hapo huwezi kusema zote zinakubalika. Tafuta kifungu kinazungumzia jengo la wapi, au kama neno ground floor limetajwa. Likitajwa, mara nyingi ni hesabu ya Uingereza.

Na kwenye sarufi uangalie just, already na yet. Mmarekani anasema I already ate na hajakosea kwao. Kwenye karatasi iliyotungwa kwa Kiingereza cha Uingereza, jibu linalotarajiwa ni I've already eaten. Kama chaguo zote mbili zipo mbele yako, chukua yenye have, kwa sababu hata Mmarekani hawezi kuikataa.