Chungu kinashusha nyuzi mbili na nusu tu: tatizo ni chungu au ni hewa?

Swali: Nimetengeneza chungu ndani ya chungu cha kuhifadhia mboga, na katikati nimejaza mchanga uliolowa. Niliambiwa joto litashuka nyuzi kumi. Jana mchana kivulini kipimajoto kilisoma 31, ndani ya chungu 28.5. Kipimaunyevu cha ukutani kilionyesha asilimia 78. Mchicha unakaa vizuri, lakini nyanya zinaota ukungu. Nimekosea wapi, na niongeze maji kiasi gani?

Jibu: Usiongeze maji. Kama vipimo vyako ni sahihi, chungu chako kinafanya sehemu kubwa ya kazi ambayo hewa ya hapo ulipo inaruhusu, na kumwagilia mchanga ambao tayari umelowa hakutabadilisha kitu. Nyuzi kumi ulizoahidiwa hupatikana kwenye hewa kavu.

Kinachopoza ni maji yanayopenya ukuta wa chungu cha nje na kugeuka mvuke. Kila kilo ya maji inayovukia huondoka na joto la kilojuli 2,400 hivi, na joto hilo hutolewa kwenye mchanga, kwenye chungu cha ndani na hatimaye kwenye mboga. Lakini hewa iliyokwisha kubeba mvuke mwingi hupokea mwingine kwa shida. Ndiyo maana kuna kiwango cha joto ambacho uvukizi hauwezi kushuka chini yake, hata mfinyanzi awe hodari namna gani. Kiwango hicho hupimwa kwa kipimajoto kilichofungwa utambi wa pamba uliolowa na kupulizwa upepo. Hapa nitakiita joto la utambi.

Hewa yenye nyuzi 31 na unyevu wa asilimia 78 ina joto la utambi la nyuzi 27.8 hivi. Maana yake, tangu mwanzo ulikuwa na nyuzi 3.2 tu za kuchezea, na wewe umepata 2.5. Njia ya kupima ubora wa chungu ni kugawa ulichopata kwa kilichokuwepo:

```
ufanisi = (joto la nje - joto la ndani) / (joto la nje - joto la utambi)
        = (31 - 28.5) / (31 - 27.8)
        = 2.5 / 3.2 = 0.78
```

Asilimia 78 ni kazi nzuri kwa chungu kisicho na feni wala pampu. (Kwamba imelingana na unyevu wako wa asilimia 78 ni sadfa tu, usizichanganye.) Sasa kichukue chungu hichohicho, chenye ufanisi uleule, ukiweke kwenye hewa ya nyuzi 34 na unyevu wa asilimia 35. Joto la utambi hapo ni 22.6 hivi, kwa hiyo nafasi ni nyuzi 11.4, na chungu kitashusha karibu nyuzi 9. Aliyekuahidi nyuzi kumi huenda hakudanganya. Alikuwa tu na hewa nyingine, au msimu mwingine.

Kabla hujaniamini lakini, kuna kifaa kimoja katika maelezo yako ambacho mimi sikiamini, nacho ni hicho kipimaunyevu cha ukutani. Vya bei nafuu hukosea kwa asilimia tano bila aibu, na kwenye hewa yenye unyevu mwingi kosa hilo linaharibu hesabu yote. Kama ukweli ulikuwa asilimia 73, joto la utambi ni 27 na ufanisi wako unashuka hadi asilimia 62. Kama ulikuwa 83, joto la utambi linapanda hadi 28.5 na zaidi kidogo, na chungu chako kitaonekana kimepita asilimia 100, jambo lisilowezekana. Ukiona namba ya namna hiyo, jua kifaa ndicho kinachosema uongo, au kipimo cha nje kilichukuliwa karibu na jua.

Kwa hiyo acha kukadiria joto la utambi, lipime. Tafuta vipimajoto viwili vya aina moja. Kwanza vitumbukize vyote katika kikombe kimoja cha maji, usubiri, uone kama vinasoma sawa. Vikitofautiana kwa nusu nyuzi, andika tofauti hiyo uiondoe kila mara, kwa sababu katika nafasi ya nyuzi tatu nusu nyuzi si kitu kidogo. Kisha kata kipande cha kitambaa cha pamba kilichochemshwa ili wanga wa kiwandani utoke, kivishe ncha ya kipimajoto kimoja, ulowanishe kwa maji safi ambayo si ya baridi. Simama kivulini, elekeza feni au pepea kwa nguvu bila kuacha, mpaka usomaji ukome kushuka. Kwa kawaida dakika tatu hadi tano hutosha. Namba ya chini kabisa ndiyo unayoitaka. Ukiacha kupepea, mvuke hukusanyika kuzunguka utambi na namba itapanda, na hilo ndilo kosa linalotokea mara nyingi.

Ndani ya chungu nako kuna mtego. Ukifunua kifuniko ili kusoma, umekwisha kuingiza hewa ya nje, na kipimajoto kidogo kitaifuata haraka. Mimi huweka ndani chupa ndogo iliyojaa maji, kipimajoto chenye waya ncha yake ikiwa ndani ya maji hayo, na waya unapita chini ya kifuniko. Maji kwenye chupa hupoa na kupata joto taratibu karibu kama mboga zenyewe, kwa hiyo unachosoma ni hali ya mboga wala si ya upepo ulioingia sasa hivi.

Halafu kuna suala la saa. Chungu na mchanga wake ni vizito, na uzito huo huchelewa kufuata hewa. Mchana sehemu ya ubaridi unaouona inaweza kuwa ni ya usiku uliopita ambayo bado haijaisha, na asubuhi unaweza kukuta ndani kuna joto kuliko nje ukadhani chungu kimekufa. Ukitaka kutenganisha kazi ya maji na kazi ya uzito, weka seti ya pili inayofanana na ya kwanza kila kitu, ila mchanga wake uwe mkavu, kisha soma zote mbili kila baada ya saa mbili kuanzia alfajiri hadi alfajiri. Tofauti kati ya hizo mbili ndiyo kazi halisi ya uvukizi. Ni kazi ya siku moja tu, na itakuonyesha mengi kuliko wiki nzima ya kusoma mara moja mchana.

Kama una mizani inayobeba chungu kizima, kipime asubuhi na asubuhi inayofuata bila kuongeza maji katikati. Kilo moja iliyopotea kwa siku ni sawa na kuondoa joto kwa wastani wa wati 28 mchana na usiku. Uzito usiposhuka wakati joto la utambi liko mbali chini ya joto la hewa, hapo ndipo pa kulaumu chungu: kimepakwa rangi au kimeng'arishwa kwa nje, kimebanwa ukutani pasipo upepo, au vitundu vyake vimeziba kwa chumvi ya maji. Chumvi hujionyesha kama unga mweupe juu ya udongo. Sugua kwa brashi ngumu na maji yasiyo na chumvi.

Sasa nyanya zako. Hapa ndipo unyevu unapofanya kazi mbili tofauti, na ndiyo sababu mchicha unafurahi wakati nyanya zinaoza.

Jani linanyauka kwa sababu hewa inalinyonya maji. Nguvu hiyo ya kunyonya ni tofauti kati ya mvuke ambao hewa ingeweza kubeba na ule inaoubeba tayari. Kwenye hewa yako ya nje, nyuzi 31 na asilimia 78, tofauti hiyo ni kilopaskali 1 hivi. Ndani ya chungu, kwa nyuzi 28.5 na unyevu ambao kwa kawaida hufika asilimia 95, ni kama 0.2. Yaani jani linanyonywa kwa nguvu ya moja ya tano tu, ingawa joto limeshuka kidogo mno. Kwa mboga za majani, karoti, biringanya na bamia, sehemu kubwa ya faida ya chungu hutoka hapo, wala si kwenye ubaridi.

Ubaridi wenyewe hupunguza kasi ya upumuaji wa mboga, na upumuaji ndio unaoivisha na kuzeesha. Kanuni ya makadirio ni kwamba joto likishuka nyuzi kumi, kasi hupungua hadi nusu au theluthi. Kwa nyuzi 2.5 unapunguza kati ya asilimia 16 na 24 tu. Kwa hiyo nyanya iliyoiva inaendelea kuiva karibu kama ilivyokuwa juu ya meza, na wakati huohuo imewekwa kwenye hewa yenye unyevu ambao ukungu unaupenda. Chungu chako kimezuia kukauka, ila hakijazuia kuoza, na kwa nafasi ya nyuzi tatu hakiwezi.

Unachoweza kufanya ni kunyima ukungu maji ya wazi. Chunguza ukuta wa ndani na upande wa chini wa kifuniko asubuhi na mapema: ukikuta matone, yanaidondokea mboga. Mara nyingi chanzo ni kuingiza mboga zilizooshwa zikiwa bado na maji, au zilizotoka juani zikiwa moto. Ziache kivulini zikauke na kupoa kwanza. Funika kwa kitambaa kilicholowa na kukamuliwa badala ya kifuniko kinachobana, weka wavu au vijiti chini ili mboga zisikae kwenye maji ya kitako, na tunda lenye ufa litoke siku hiyohiyo. Nyanya weka zile zinazoanza kubadilika rangi, si zilizoiva kabisa, na zisichanganywe na majani, kwa kuwa gesi ya etilini zinayoitoa huyafanya yawe manjano mapema.

Vitunguu na vitunguu saumu usiviweke kabisa, maana hivyo hutaka hewa kavu. Maziwa, nyama na chakula kilichopikwa pia visiingie, hata katika msimu mkavu: nyuzi 25 ni baridi kwa mchicha, lakini kwa bakteria ni joto zuri la kuzaliana.

Pima joto la utambi mchana kwa siku tatu nne zinazofuatana. Tofauti yake na joto la hewa ikibaki chini ya nyuzi nne, tumia chungu kwa majani tu na nyanya zikae penye upepo. Ikifika nyuzi nane au zaidi, rudisha nyanya ndani.