Kurushiana maneno ya mahaba baada ya eda

Mume wangu alifariki nikiwa na miaka 47, na siku niliyotoka eda wifi yangu aliniletea doti ya kanga, akaniambia nivae, nitoke, nionane na watu. Niliivaa nikatoka, lakini ilipita miaka miwili kabla sijamjibu mwanamume kwa maneno yaliyozidi salamu. Nawaandikia wajane, wagane na watalaka wa rika langu, kwa sababu tulipokuwa wari tulifundwa mengi kuhusu kuolewa, lakini hakuna aliyetufunda namna ya kuanza tena tukiwa na watoto wakubwa ndani ya nyumba.

Kwetu sisi Waislamu mipaka ya mwanzo iko wazi. Mjane hukaa eda miezi 4 na siku 10, na mwenye mimba hukaa hadi ajifungue. Aya ya 235 ya Suratul Baqara inamruhusu mwanamume kumdokezea mjane nia yake hata kabla eda haijaisha, ila inakataza kuahidiana kwa siri na kufunga ndoa kabla ya muda kutimia. Aliyepewa talaka rejea hadokezewi kabisa, maana akiwa edani bado ni mke wa mtu. Nimeirejea aya hiyo mara nyingi, na naona neno la kudokeza lingetufaa hata sisi tuliomaliza eda siku nyingi, kwa kuwa dokezo humwachia mwenzako nafasi ya kulipita bila yeye kuaibika wala wewe kuaibika.

Mimi ni mshonaji, hapa Tanga. Fundi anayenitengenezea cherehani ni mgane, na tulikuwa tumefahamiana kwa kazi tu, hadi siku moja alipomaliza kurekebisha mashine akaifuta mafuta taratibu, akasema, "Nikikwambia imepona, sitakuwa na sababu ya kurudi." Nilikata uzi niliokuwa nimeushika, nikamjibu, "Basi usiniambie leo." Hayo ndiyo yalikuwa yote. Kama nisingependa, ningemwuliza bei ya kazi yake, naye angeitaja na kuondoka na heshima zake.

Wiki hizo hizo mtu mwingine aliniandikia saa sita usiku akiniuliza mjane mzuri kama mimi nalalaje peke yangu. Sikumjibu, na nawashauri msijibu maneno ya namna hiyo, kwa sababu anayeanza na kitanda na upweke wako amekwisha kukuona kama mtu mwenye shida anayeweza kusaidiwa upesi. Mwenye nia ya kukujua huzungumzia kitu alichokiona kwako, tena mchana au jioni, kwa maneno ambayo mwanao akiyakuta kwenye simu hayatakufanya uifiche.

Nami nilikosea. Kila fundi aliponitania nilijikuta nikimtaja marehemu: alipenda chai ya namna gani, angesema nini. Siku moja akaniambia kwa upole kwamba yuko tayari kusikia habari zake wakati wowote, lakini jioni ile alitaka kunisikia mimi. Yeye naye amezika mke, kwa hiyo hakuwa akiniomba nisahau. Tangu hapo nilijizuia kulinganisha, lakini sikujizuia kukumbuka.

Baada ya mwezi mmoja hivi alitaka kuja nyumbani kuwasalimu watoto. Niliogopa, na jibu la kwanza lililonijia lilikuwa "nipe muda," ambalo humwacha mtu akining'inia bila kujua kama anasubiri au anakataliwa. Nikamwandikia hivi: "Napenda utani wako, na siku usiponiandikia naangalia simu. Ila sijawa tayari kukuleta mbele ya wanangu. Niulize tena baada ya Idi, na hata kama jibu ni hapana nitakupa mwenyewe." Idi ilikuwa wiki saba mbele. Alijibu kwamba atahesabu, na hakunisukuma.

Kwa mtalaka kuna swali linalotangulia utani wote, na liulizwe bila haya: talaka imetoka lini? Wapo wanaosema "tumeachana" wakimaanisha kwamba wanalala nyumba mbili. Hapa Tanzania, kwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, amri ya kuvunja ndoa hutolewa na mahakama, na kuishi mbalimbali peke yake hakuivunji. Anayekwepa swali hilo mara ya pili, mrudishe kwenye salamu za kawaida.

Baada ya Idi fundi aliniuliza kama tulivyopatana. Nilikuwa nimeshazungumza na binti yangu mkubwa, ambaye alilia kidogo kisha akauliza mgeni anakula nini. Nikamwambia aje Jumamosi saa kumi alasiri, na asije na mkoba wa kazi.