Ukipewa chati ya nyota, anza na joto kwanza

Nyie mnaoanza astronomia mwaka huu, hii chati ya joto na mng'aro ilinitesa wiki nzima hapa Lamu manake nilikuwa naisoma kama grafu ya hesabu, kumbe joto limegeuzwa, nyota moto ziko kushoto na baridi ziko kulia. Na mng'aro unaopanda wima si ule unaouona kwa macho. Ukikaa Shela usiku karabai ya mtumbwi ulio karibu inaishinda taa kubwa ya jahazi lililo mbali, sasa kwenye chati lazima umbali uondolewe kwanza, la sivyo utaweka nyota mahali sipo.

Safu kuu ndo ule mstari mnene unaoshuka kutoka juu kushoto hadi chini kulia, nyota nyingi ziko hapo zikiunganisha haidrojeni kuwa heli katikati yake. Jua letu lipo humo, joto la uso karibu kelvini 5,800, mng'aro tunauita 1.

Sasa chukua nyota Dabarani, ile nyekundu ya kundinyota la Ng'ombe. Joto lake ni kama 3,900 tu, ungetegemea iwe hafifu, nyota ya safu kuu yenye joto hilohilo haifikishi hata sehemu moja ya kumi ya Jua. Lakini Dabarani inatoa kama mara 400! Kwa nini? Fomula ni hii, L ni mng'aro, R ni nusu kipenyo, T ni joto la uso, zote zikipimwa kwa Jua:

```
L = R² × T⁴
```

3,900 gawa kwa 5,800 ni 0.67, ukiipandisha kwa nne unapata 0.2, yaani kila kipande cha uso wake kinatoa moja ya tano tu ya kile cha Jua. Basi R² ni 400 gawa kwa 0.2, ni 2,000, R ni karibu 45. Nyota pana mara 45 kuliko Jua, ndo maana inaitwa jitu na inakaa juu kulia.

Fanya kinyume na Shira B, mwenzake mdogo wa ile nyota angavu Shira. Joto kama 25,000, ingekuwa na ukubwa wa Jua ingeng'aa mara 340 hivi, lakini haifiki hata 0.1, kwa hiyo ni ndogo mno, karibu saizi ya Dunia. Hiyo ni kibete cheupe, chini kushoto.

Hapa ndo wengi wanateleza, mimi pia nilikatwa alama: neno kibete lina kazi mbili. Vibete vyekundu viko chini kulia lakini ni nyota za safu kuu kabisa, bado zinaunganisha haidrojeni, na hata Jua wataalamu huliita kibete cha manjano. Kibete cheupe ni kiini kilichobaki, kinapoa tu, hakimo kwenye safu. Ukiona nukta iko chini usiandike kibete ukaishia hapo, angalia iko upande gani.

Alafu tazama namba za wima, mara nyingi kila hatua ni mara kumi. Mimi nilizihesabu moja, mbili, tatu, Dabarani ikawa jirani ya Jua.