Kusomea uhasibu wa fedha kwa mitihani ya bodi nyingine

Nilipokuwa mwaka wa pili wa shahada ya uhasibu, kozi yetu ya uhasibu wa fedha ilikuwa imebadilishiwa mtaala muda mfupi kabla, na mitihani iliyopita iliyolingana na mtaala huo ilikuwa miwili tu. Tulifanya walivyofanya wengi kabla yetu: tulikusanya maswali ya NBAA, ambayo ndiyo bodi ya wahasibu ya hapa Tanzania, ya KASNEB ya Kenya na ya ACCA ya Uingereza, tukayagawana kwenye kundi letu la kusoma na kuanza kuyafanya bila kuuliza kama yalitufaa. Nilipoteza alama kwa haraka ile, na nilichojifunza baadaye ndicho ninachotaka kukieleza hapa.

Kinachofanya mitihani ya bodi hizi ikaribiane ni kwamba kampuni za Tanzania na za Kenya huandaa hesabu zao kwa viwango vya kimataifa, vile vinavyoitwa IFRS, na ACCA hutahini kwa viwango hivyohivyo. Bidhaa zilizobaki ghalani hupimwa kwa gharama au kwa thamani halisi inayotarajiwa kupatikana zikiuzwa, ile iliyo ndogo, iwe duka liko Kariakoo au Nairobi. Kwa hiyo swali la bidhaa lililotungwa mwaka 2010 bado linakufaa, na hupaswi kulitupa kwa sababu tu karatasi yake imezeeka.

Kodi ni habari nyingine. Kiwango cha kawaida cha VAT Tanzania Bara ni 18%, Kenya ni 16%, na hata pale viwango vinapofanana, kama kodi ya mapato ya kampuni ambayo ni 30% kwa nchi zote mbili, sheria za gharama zinazokubalika na za punguzo la kodi kwa uchakavu wa mali hazifanani. Unaweza kulifanya swali la Kenya kwa sheria ya Tanzania, lakini ukimaliza huna majibu ya kulinganisha na yako, na kwa anayejisomea peke yake hasara hiyo ni kubwa. Mimi somo la kodi nililisomea kwa maswali ya nyumbani tu, hata yalipokuwa machache.

Hatari iliyonipata mimi haikuwa ya nchi bali ya tarehe. Nilifanya swali la ukodishaji wa mali kutoka karatasi ya zamani ya bodi moja, nikayafuata majibu yake neno kwa neno, nikayaingiza hivyohivyo kwenye jaribio la darasani. Dada mmoja wa mwaka wa tatu aliishika karatasi yangu akaniambia, "Mdogo wangu, kanuni hii imeshaondoka. Kabla hujasoma swali, tazama hesabu zinaishia mwaka gani."

Kiwango cha zamani, IAS 17, kilitofautisha ukodishaji wa kawaida na ule unaomhamishia mkodi karibu faida na hatari zote za kuimiliki mali. IFRS 16, iliyoanza kutumika kwa vipindi vya hesabu vinavyoanza tarehe 1 Januari 2019 au baada yake, iliiondoa tofauti hiyo kwa upande wa mkodi, isipokuwa ameamua kutumia nafuu inayoruhusiwa kwa mikataba isiyozidi miezi 12 au kwa mali za thamani ndogo. Chukua kampuni inayokodi mashine kwa miaka 4, ikilipa shilingi 10,000,000 kila mwisho wa mwaka, riba ikiwa 10%, na mashine yenyewe ina uhai wa miaka 10. Kwa IAS 17 huo ni ukodishaji wa kawaida, hivyo majibu ya zamani yataandika gharama ya 10,000,000 kila mwaka, na swali limekwisha. Kwa kanuni ya sasa unaanza kwa kutafuta thamani ya leo ya malipo yote manne, yaani 10,000,000 mara 3.1699, ambacho ni kizidishi cha malipo ya miaka 4 kwa riba ya 10%, unapata 31,699,000. Kiasi hicho unakiandika kama mali na pia kama deni. Mwaka wa kwanza riba ni 3,169,900 na uchakavu, yaani 31,699,000 gawanya kwa 4, ni 7,924,750, hivyo gharama ya mwaka ni 11,094,650. Mwisho wa mwaka deni limebaki 24,868,900, wakati katika majibu ya zamani mizania haina deni lolote. Kwa miaka yote minne jumla ya gharama ni 40,000,000 kwa njia zote mbili, na hilo ndilo linalomhadaa msomaji aone kwamba tofauti ni ndogo.

Hata hivyo, swali la zamani ambamo mkodi anaichukua mali karibu kwa uhai wake wote bado lina faida, kwa kuwa IAS 17 ilimtaka aandike mali na deni kwa hesabu inayokaribiana sana na ya sasa. Usiishie kwenye tarehe ya mtihani iliyoandikwa juu ya karatasi: angalia mwaka wa hesabu uliotajwa ndani ya swali na kiwango kilichotajwa kwenye majibu.

Swali likishapita hapo, kinachobaki ni kupima uzito wake. Alama peke yake hazikupi kipimo sahihi. Mtihani wetu wa mwisho ulikuwa wa alama 60 kwa saa 3, yaani dakika 3 kwa kila alama, wakati karatasi ya alama 100 kwa saa hizohizo inakupa dakika 1.8. Swali la alama 20 la karatasi hiyo ni la dakika 36, na kwetu dakika hizo zilikuwa za alama 12. Nilikuwa nikijiona mzembe kwa kutolimaliza swali la nje, kumbe nilikuwa nimejipangia muda bila kuuhesabu.

Baada ya muda, hesabu idadi ya marekebisho. Swali letu la kuunganisha hesabu za kampuni mama na kampuni tanzu lilikuwa na matatu au manne. La bodi ya kitaaluma linaweza kuongeza ununuzi wa katikati ya mwaka na kushuka kwa thamani ya jina zuri la biashara. Ukiyaondoa yale yasiyo kwenye mtaala wako, jumla za mizania hazitalingana tena na majibu yaliyochapishwa, hivyo linganisha hesabu za pembeni moja moja: faida iliyo ndani ya bidhaa ambazo hazijauzwa nje ya kundi, sehemu ya wanahisa wachache, na kadhalika.

Ile mitihani miwili yetu niliitumia hivi, na ningeitumia hivyo tena. Wa kwanza niliukatakata mapema, nikaandika kwa kila swali mada, dakika na idadi ya marekebisho, ukawa mizani ya kupimia maswali ya nje. Kisha mimi na mwenzangu mmoja tulichukua mada moja, yeye akaanza na swali letu na mimi nikaanza na la nje, halafu tukabadilishana, kwa sababu swali la pili huwa jepesi kwa yeyote aliyetoka kufanya la kwanza. Sote wawili tulipopata kidogo kwenye la nje, tulijua ugumu uko kwenye swali lenyewe. Mtihani wa pili sikuufungua mpaka siku kumi kabla ya chumba cha mtihani, nikaufanya kwa saa 3 kamili, simu ikiwa imezimwa.