Soma kivuli kabla ya kusambaza picha ya mafuriko

Mvua ndefu zikishika Nairobi, makundi ya WhatsApp ya mtaani hujaa picha za mafuriko zilizopigwa kwa droni. Kuitafuta tarehe ndani ya faili ni kazi bure, kwa sababu picha ikitumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, taarifa za kamera hufutwa. Mimi huanza na vivuli.

Nairobi iko kusini kidogo tu mwa ikweta. Kuanzia mwishoni mwa Machi hadi Septemba jua hupita kaskazini mwetu, kwa hiyo vivuli huegemea kusini. Kuanzia Oktoba hadi mapema Machi huegemea kaskazini. Asubuhi kivuli hulala magharibi na jioni mashariki, lakini ule mwegemeo wa kusini au kaskazini haupotei. Kwa hiyo picha ya mvua fupi haiwezi kujifanya ya Aprili.

Aprili 2024, kundi letu la South C lilipata picha ya maji yaliyofunika Mombasa Road, ikiwa na maneno "leo asubuhi". Nilifungua Google Earth Pro, nikazungusha ramani mpaka mapaa yakakaa kama yalivyokaa pichani, kisha nikaangalia herufi N kwenye dira. Halafu nikachagua nguzo ya taa, maana imesimama wima na shina lake linaonekana. Kivuli cha mti hudanganya. Toka shina hadi ncha, kivuli kilielekea kaskazini-magharibi. Asubuhi ya Aprili kingeelekea kusini-magharibi.

Kivuli hutaja msimu, hakitaji mwaka. Mwaka nilionyeshwa na barabara yenyewe: hapakuwa na nguzo hata moja ya Nairobi Expressway, iliyofunguliwa 2022. Picha ilikuwa ya zamani. Ukitaka kukaribia mwaka zaidi, bonyeza alama ya saa kwenye Google Earth Pro urudi nyuma picha kwa picha, ukitafuta ni lini jengo fulani lilianza kuonekana. Soma tarehe ya picha yenyewe. Mwaka ulio kando ya alama ya © ni wa hakimiliki tu.

Maji ya bandia yaliyobandikwa pichani nayo huyatambua kwa ukingo wake. Maji yaliyotulia hukaa usawa mmoja, kwa hiyo hujaza mtaro kabla ya kupanda barabara iliyoinuliwa. Nikiona lami imezama huku mtaro ulio chini yake umekauka, siisambazi picha hiyo.

Kuna siku kivuli hakisaidii. Katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba jua hupita karibu utosini, na mwegemeo huwa mdogo mno kuusoma. Mawingu yakitanda, ambavyo ndivyo ilivyo siku nyingi za mafuriko, hakuna kivuli kabisa. Hapo hubaki na majengo, barabara na ukingo wa maji.