Damu ikikatika, usimfungulie

"Asalaam alaykum. Nina mbwa jike wa miezi 10, ndiye mlinzi wa shamba langu huku Fuoni. Alianza kutoka damu siku 10 zilizopita nikamfungia. Tangu jana damu imekuwa nyepesi, kama inakatika. Naweza kumfungulia usiku alinde?"

Waalaykum salaam. Usimfungulie, ndugu yangu. Hapo hapo ndipo nilipoponzwa mimi.

Jike wangu wa kwanza nilikuwa naye shamba, upande wa Dole. Alipoingia joto nikamfunga bandani, na madume yakaja mpaka yasiyojulikana yametoka wapi. Yakimkaribia anabweka, anageuka kuyang'ata, anakalia mkia. Nikasema huyu anajilinda mwenyewe. Siku ya 11 damu ikawa kama maji yaliyooshewa nyama, ya 12 nikamfungulia. Asubuhi namkuta chini ya mkarafuu kaungana na koko mmoja mwekundu, wametazamana visogo. Siku 62 baadaye nina watoto 6 na sina wa kumpa.

Kosa langu lilikuwa kuifananisha damu ile na hedhi ya mwanamke. Kwa mwanamke, yai lisipotunga mimba ndipo damu hutoka. Kwa mbwa ni kinyume chake: damu inatangulia, mayai yanafuata. Zile siku 9 hivi za mwanzo, wengine hata wiki mbili, mwili unajitayarisha tu. Harufu inaita madume, lakini mwenyewe hakubali. Damu ikipauka, ikawa ya waridi au rangi ya majani makavu, uke uliokuwa umevimba na kukaza ukaanza kulegea, hapo ndipo anapokubali, na mayai hutoka katika siku hizo. Wako yuko mlangoni hapo sasa hivi.

Na usitegemee kalenda peke yake. Wapo wanaokubali siku ya 6, wapo wa siku ya 18, na wapo ambao damu haipauki kabisa mpaka mwisho. Mbegu za dume nazo hukaa hai tumboni mwa jike siku 5 au zaidi, kwa hiyo kupandwa "mapema" hakuzuii mimba.

Jike niliye naye sasa nilimwandikia siku zake kwa mkaa ukutani. Kila asubuhi nambandika kipande cha kitambaa cheupe ukeni nione rangi, halafu namkuna mgongoni karibu na shina la mkia. Siku ya 10 kitambaa kilipauka. Ya 11 nilipomkuna alisimama wima akapeleka mkia pembeni: huyo keshakubali. Aliendelea hivyo mpaka ya 18. Ya 20 nikimkuna anakaa chini na kununa. Nikaongeza wiki moja, nikamfungulia siku ya 27, uke umesharudi udogo wake na madume yameshakwenda zao.

Kumfungia nako kuna ufundi wake. Wavu wa seng'enge peke yake hautoshi, maana wanaweza kupandana hapo hapo kwenye wavu, na dume halichoki kuchimba. Mimi niliziba kwa mabati mpaka kimo cha kiuno na chini nikapanga mawe. Mlango una komeo na kufuli, kwa sababu watoto wa skuli wanaopita hupenda kuchungulia. Akitoka kujisaidia namshika kamba mwenyewe, ndani ya ua tu. Mkojo wake njiani ni barua kwa madume ya mtaa mzima. Kumpaka mafuta ya taa au pilipili ni kumuumiza bure, harufu hiyo haiwashindi. Sakafu ya banda iwe ya saruji, umwage mchanga, uuchote kila siku. Hivyo hutakuta damu wala najisi barazani.

Ukiwakuta wameshaungana, usiwavute wala kuwamwagia maji. Utawajeruhi, na mbegu zimeshaingia. Wataachana wenyewe, mara nyingi ndani ya nusu saa. Kesho yake mwone daktari wa mifugo.

Utashauriwa pia umchome sindano ya kuzuia. Hiyo mimi siipendi: homoni zake zinaweza kuleta usaha kwenye kizazi. Ugonjwa huo huja hata bila sindano, kwa kawaida wiki 4 mpaka 8 baada ya joto. Ukimwona anakunywa maji kupita kiasi, hali chakula, anatapika, au anatoa uchafu wenye harufu mbaya, usingoje kuche. Na kuna wakati usaha hautoki nje kabisa, tumbo linajaa tu. Huo ndio unaoua upesi.

Kama hutaki watoto kabisa, afungwe kizazi kwa upasuaji, lakini si sasa wakati mishipa imejaa damu. Ngoja miezi 2 au 3 baada ya joto hili. Ukichelewa, joto jingine litakukuta baada ya miezi 6 au 7.

Usiku wa leo mfungie, na kama shamba halina mlinzi, lala huko mwenyewe.